Faida ya 50 kwa mia kwa mwezi: je, tribinali itaikubali?



Katika muji wetu wa Pweto hakuna mutu asiyejua habari ya «banki lambere». Jina hilo ni la banki moja ya zamani ya Ubeleji, lakini hawa wakopeshaji wa kwetu hawahusiani nayo hata kidogo. Kwetu banki lambere ni mutu tu: mufanya biashara, jirani, mara ingine hata mufanyakazi wa serikali, mwenye kukopesha feza nyumbani kwake. Leo anakupa 100.000, mwisho wa mwezi unaleta 150.000. Hiyo ndiyo 50 kwa mia. Kuna wengine wanaoomba 100 kwa mia, maana yake feza mara mbili.

Wengi wetu tuko hapa shuleni kwa feza za namna hiyo. Wakati wa kulipa Egzeta, ao wakati mutoto anapolala hospitalini, muzazi hakai chini kwanza kupiga hesabu. Anaenda kukopa. Kisha deni linaanza kutembea, na mwisho wake ni mutumbwi kunyanganywa, ao baba kukaa kasho siku mbili.

Katika somo hili tunauliza ulizo moja tu: mukopeshaji akipeleka karatasi yake mbele ya tribinali, je, mwamuzi atalazimisha mwenye deni kulipa faida hiyo yote? Watu wengi wanajibu: «Ndiyo, juu ulitia mukono wako.» Wengine wanajibu: «Hapana, juu banki lambere imekatazwa, basi hata usilipe kitu.» Majibu haya mawili yote si ya kweli. Tufuate jambo lenyewe pole pole.

1. Vifungu viwili vinavyosimama uso kwa uso

Sheria ya mapatano katika inchi yetu ni dekre la tarehe 30 Julai 1888. Ni ya zamani sana, lakini ndiyo inayotumiwa hata leo. Wanasheria wanaiita Kitabu cha Tatu cha sheria za raia.

Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa njia ya haki yanakuwa kama sheria kwa wale walioyafanya. Hiki ndicho kifungu mukopeshaji anachotegemea, hata kama hajui namba yake. Anaposema «ulitia mukono», anasema maneno ya kifungu cha 33. Na ni kifungu kizuri. Bila kifungu hicho, mutu angekopa gunia la muhogo leo na kesho angesema: «Sikujua.»

Lakini katika mwaka 1959 kifungu kingine kiliongezwa ndani ya dekre lile, ni 131 bis. Tukisema kwa maneno yetu, kinafundisha hivi: kama mukopeshaji ametumia vibaya mahitaji ya mwenye deni, ao uzaifu wake, ao tamaa zake, ao kutojua kwake, ili aahidiwe faida inayopita wazi wazi faida ya kawaida, basi mwamuzi anaweza kupunguza deni mpaka kwenye faida ya kawaida. Anafanya hivyo kama mwenye deni mwenyewe anaomba. Na kupunguza huko kunagusa hata feza zilizokwisha kulipwa, ikiwa ombi linafanywa mbele ya miaka mitatu kupita tangu siku ya malipo.

Somo letu lote liko ndani ya maneno hayo machache. Tuyapime moja moja.

«Mwamuzi anaweza kupunguza.» Sheria haisemi kwamba deni linakufa. Feza ulizopewa mukononi, ile tunayoita mtaji, utazirudisha zote. Na faida ya kawaida utailipa pia. Kinachokatwa ni ile sehemu inayozidi. Kwa hiyo yule anayesema «usilipe kitu» anakudanganya.

«Kama mwenye deni anaomba.» Mwamuzi hatafuti mwenyewe. Ukiitwa, na wewe unakaa nyumbani kwa haya, ataamua kufuatana na karatasi iliyo mbele yake, na karatasi ile ni ya mukopeshaji. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, hata kama sheria iko upande wao.

«Ametumia vibaya mahitaji, uzaifu, tamaa ao kutojua.» Faida kubwa peke yake haitoshi. Inaomba vitu viwili: faida kupita wazi wazi, na mukopeshaji kutumia shida ya mwenzake. Mama mwenye mutoto mugonjwa, aliyekopa usiku, huyo alikuwa na uhitaji. Muzee asiyejua kusoma, aliyetia kidole juu ya karatasi ya Kifaransa, huyo alikuwa katika kutojua. Lakini mufanya biashara mukubwa mwenye kamyo mbili, aliyekopa kwa hesabu yake mwenyewe akitafuta kupata zaidi, huyo itakuwa nguvu kumwaminisha mwamuzi kwamba alionewa.

Tuongeze neno moja. Kitabu cha sheria za adhabu kinatumia karibu maneno yale yale: mwenye kukopesha kwa namna hiyo anaweza kupewa kifungo ao amande. Basi jambo moja linaweza kufika mbele ya mwamuzi kwa njia mbili: kama ombi la kupunguza deni, ao kama mashitaka.

2. Faida ya kawaida ni ngapi?

Hapa mwanafunzi wa seksyo ya komersiale atainua mukono: «Basi sheria itupe namba!» Sheria yetu haitoi namba. Inaachia mwamuzi kupima kufuatana na wakati na mahali.

Inchi zingine zimechagua njia ingine. Uganda, katika mwaka 2024, serikali iliweka mpaka kwa wakopeshaji wa feza wenye ruhusa: 2,8 kwa mia kwa mwezi, wasipite hapo. Kule mutu anasoma namba na jambo linaisha. Kwetu inaomba kulinganisha.

Tulinganishe basi. Katika mwezi wa Agosti 1923 hakuna anayekumbuka faida ilikuwa ngapi, lakini ya Agosti 2023 tunaijua: Banki Kuu ya Kongo ilipandisha kiwango chake kutoka 11 mpaka 25 kwa mia kwa mwaka, kwa sababu franka ilikuwa inaanguka. Watu walisema ni kiwango cha juu sana. Lakini angalieni vizuri: ile ni 25 kwa mwaka muzima. Banki lambere inaomba 50 kwa mwezi mumoja. Hata bila kuhesabu faida juu ya faida, hiyo ni 600 kwa mia kwa mwaka, mara 24 ya kiwango kile. Banki na mikopo midogo zinaongeza faida yao juu ya kiwango cha Banki Kuu, ni kweli, na mukopeshaji wa mutaani anabeba hatari ya kutolipwa, ni kweli pia. Lakini kati ya 25 na 600 kuna bonde ambalo hakuna hatari inayoweza kulijaza. Hapo ndipo neno «wazi wazi» linapopata maana yake.

3. Hesabu ya mama wa samaki

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Tuchukue mama mumoja wa kufikiri tu, anayenunua samaki wa kukaushwa pembeni ya ziwa Moero na kuwapeleka Lubumbashi kwa kamyo. Amekosa mtaji kwa sababu mume wake ni mugonjwa na feza zote zimekwisha kwa dawa. Anakopa 200.000 franka, faida 50 kwa mia kwa mwezi. Mukopeshaji anamwambia: «Kama huna yote, leta faida peke yake, mtaji utangoja.»

Mvua inaharibu njia. Kamyo inalala siku nyingi, samaki wanaanza kuwa na wadudu, mama anauza kwa hasara. Mwisho wa mwezi wa kwanza analeta 100.000. Mwezi wa pili 100.000. Wa tatu 100.000. Wa ine 100.000.

Mukopeshaji anahesabu hivi: hizo zote zilikuwa faida, mtaji haujaguswa. Mwezi wa tano unapoisha bila malipo anasema: «Uko na 200.000 yangu, na 100.000 ya mwezi huu. Jumla 300.000.» Mama amekwisha kulipa 400.000 kwa mukopo wa 200.000, na bado ana deni kubwa kuliko siku ya kwanza.

Sasa tuhesabu namna mwamuzi anavyoweza kuhesabu. Tuseme, kwa mufano tu, kwamba anaona 3 kwa mia kwa mwezi ni faida ya kawaida. Kila malipo yanalipa kwanza faida ya mwezi ule, kisha yanakula mtaji.

Mwezi wa kwanza: faida ya 200.000 ni 6.000, jumla 206.000. Mama analipa 100.000. Inabaki 106.000.

Mwezi wa pili: faida ya 106.000 ni 3.180, jumla 109.180. Analipa 100.000. Inabaki 9.180.

Mwezi wa tatu: faida ya 9.180 ni karibu 275, jumla 9.455. Analipa 100.000. Deni limekwisha, na amepita kwa karibu 90.545.

Mwezi wa ine: hakuna deni tena, lakini analipa 100.000 ingine.

Kwa hiyo, kwa hesabu hii, mama hana deni la 300.000. Mukopeshaji ndiye anayepashwa kumurudishia karibu 190.545. Angalieni tofauti: karatasi ni ile ile, malipo ni yale yale, kilichobadilika ni faida tu. Mwamuzi akichukua 5 kwa mia pahali pa 3, hesabu itabadilika kidogo, lakini mama atatoka bila deni vilevile. Mutu yeyote mwenye kalamu anaweza kuirudia na kuona.

Lakini tukumbuke ile miaka mitatu. Kama mama anangoja mpaka mutoto wake amalize humanite ndipo aende kulalamika, malipo ya zamani hayatagusika tena. Kila malipo yana siku yake, na miaka mitatu inahesabiwa tangu siku ile.

4. Faida iliyofichwa

Mukopeshaji mwenye akili haandiki «50 kwa mia» juu ya karatasi. Anaificha. Tuone njia tatu zinazotumiwa sana.

Njia ya kwanza ni kuandika mtaji wa uongo. Unapokea 200.000, lakini karatasi inasema: «Nimekopa 300.000, nitalipa 300.000 mwisho wa mwezi.» Faida haionekani, ni kama rafiki alikukopesha bure. Kisha unaposhindwa, anapasua karatasi ile na kuandika ingine ya 450.000. Kwa miezi mitatu deni la 200.000 linakuwa 675.000, na karatasi inayobaki inasema kwamba ulipewa 675.000 siku moja, kwa mukono. Ndiyo sababu isipashwe kamwe kuacha karatasi ya kwanza ipotee. Kabla ya kutia mukono juu ya mupya, omba ya zamani, ao uipige picha kwa simu. Na ikiwezekana feza zipite kwa simu, juu mesaje ya simu inaonyesha ni ngapi zilizofika kweli.

Njia ya pili inajulikana sana kwa wavuvi wetu. Mukopeshaji hatoi feza, anatoa nyavu na esanse ya moteri. Haombi faida. Anaomba kitu kimoja tu: samaki wote wauzwe kwake, kwa bei yake. Kama beseni moja inauzwa 40.000 pale sokoni na yeye anaichukua kwa 25.000, basi faida ni 15.000 kwa kila beseni. Muvuvi anayetoa beseni kumi kwa mwezi amelipa faida ya 150.000 bila kuiona, na bei ya nyavu bado iko pale pale.

Njia ya tatu inagusa wenye mushahara. Mukopeshaji anabakia na karte ya banki pamoja na namba ya siri. Siku ya mushahara yeye ndiye anayefika wa kwanza kwa mashini, anakata yake na kumuachia mwenyewe kilichobaki. Mwalimu ao askari anafanya kazi mwezi muzima bila kujua hesabu yake inaendaje.

Je, kifungu 131 bis kinafikia mambo haya? Ndiyo. Maneno yake yanasema juu ya mapatano yoyote ya kutoa mali ya namna hiyo, hata sura yake ya inje ikiwa namna gani, na yanataja «faida ao mapato mengine». Waliokiandika walijua kwamba faida inajificha. Bei ya samaki iliyoshushwa kwa nguvu ni pato lingine. Karatasi ya mtaji wa uongo ni sura ya inje. Kazi ya mwenye deni ni kuonyesha mwamuzi kitu kilicho chini ya sura ile: washahidi waliokuwa pale, mesaje za simu, kitabu cha mauzo, bei ya soko ya siku zile. Bila hivyo, mwamuzi atabaki na karatasi tu.

5. Mikopo ya ndani ya simu

Sasa kuna mukopeshaji asiyekuwa na nyumba. Anakaa ndani ya simu. Unapakua programu, unaandika jina lako, unaruhusu ione namba zote za watu unaowajua, na kwa dakika chache feza zinaingia.

Hesabu yake inafanana na karatasi ya mtaji wa uongo. Tuseme programu inakuambia: «Umekubaliwa 100.000, utalipa 100.000 kwa siku 7.» Lakini zinazoingia ni 75.000, juu 25.000 imekatwa mbele kwa jina la «gharama ya huduma». Mutu anaona 25 kwa mia. Kweli yenyewe ni kwamba umekopa 75.000 na unalipa 25.000 juu yake, ni karibu 33 kwa mia, na kwa juma moja tu. Kanuni ni hii: usiangalie namba wanayoandika. Angalia feza iliyoingia, feza itakayotoka, na siku ngapi kati yao.

Mwenye programu hawezi kutuma watu kuchukua mutumbwi wako, kwa hiyo anatumia haya. Ukichelewa, anaandikia mama mukwe, muchungaji, na mukubwa wako wa kazi kwamba wewe ni mwizi. Kenya waliteseka sana kwa jambo hili. Katika mwaka 2022 Banki Kuu ya Kenya iliweka kanuni: mukopeshaji wa simu anapashwa kuwa na ruhusa, na amekatazwa kutisha mwenye deni na kusumbua watu walio ndani ya simu yake. Katika mwaka 2023 ofisi ya kulinda habari za watu kule ilipiga amande wakopeshaji waliofanya hivyo. Tanzania, Novemba 2024, Banki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila ruhusa, na ikakataza wananchi kuzitumia.

Na sisi? Sheria ya tarehe 27 Desemba 2022 juu ya mashirika ya mikopo inataka mwenye kufanya kazi ya kukopesha apate ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Kisha ordonansi-sheria ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya dijitali inalinda habari za mutu binafsi, na namba za jamaa zako ni habari za namna hiyo. Na kifungu 131 bis hakiulizi kama mapatano yalifanywa kwa karatasi ao kwa kidole juu ya kioo cha simu.

Shida iko pengine. Banki lambere wa mutaani unajua mulango wake. Programu mara nyingi haina jina la mutu, haina ofisi Kongo, na utamwita nani mbele ya tribinali? Kwa hiyo kwa mukopo wa simu ulinzi wa kweli uko mbele ya kukopa: tafuta jina la kampuni, uliza kama iko na ruhusa, na kama programu inaomba kuona namba zako zote kabla ya kukupa franka moja, jua kwamba namba zile ndizo reheni.

6. «Tutaonana kwa polisi»

Maneno haya yanaogopesha kuliko tribinali. Mukopeshaji anajua kwamba mbele ya mwamuzi faida yake inaweza kukatwa, kwa hiyo anapendelea njia fupi: mwenye deni aitwe, akae kasho usiku mumoja, jamaa walete feza.

Lakini Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu 61, inaweka katazo la kufunga mutu kwa ajili ya deni kati ya mambo yasiyoweza kuvunjwa hata wakati wa vita. Deni la feza si kosa la kufungwa.

Mukopeshaji mwerevu atajibu: «Simushitaki kwa deni, ninamushitaki kwa abi de konfianse.» Tuelewe neno hilo. Abi de konfianse ni kula kitu ulichopewa ukitunze, ao ukirudishe chenyewe, ao ukitumie kwa kazi fulani. Nikikuachia kinga yangu uniwekee, nawe ukaiuza, hiyo ni abi de konfianse. Lakini mukopo wa feza ni kitu kingine: feza ulizokopa zinakuwa zako, unazitumia, kisha unarudisha zingine. Kushindwa kulipa kwa siku iliyopatanwa hakugeuki kuwa kosa hilo. Inakuwa jambo lingine tu kama ulidanganya tangu mwanzo, kwa mufano ulitumia jina la uongo ao karatasi za uongo ili upewe feza. Hiyo ni eskrokeri, na hapo kifungo kinawezekana kweli.

Kuna hatari ingine pale kwa polisi. Mutu akiogopa anatia mukono juu ya karatasi mupya inayokubali deni lote pamoja na faida yote. Karatasi ile itamufuata. Kama unalazimishwa, omba iandikwe mtaji ni ngapi, faida ni ngapi, na feza ngapi zimekwisha kulipwa.

7. Pale sheria inapofika mwisho

Tusidanganyane. Kifungu 131 bis kiko, lakini watu wachache wanakitumia, na sababu zinaonekana. Kufuata jambo tribinalini kunaomba feza, siku na mwendo, na mutu wa kijiji cha mbali anaacha shamba ao nyavu. Kisha mukopeshaji ni yule yule utakayemuhitaji Septemba, wakati wa masomo kuanza. Anayemupeleka tribinalini anafunga mulango ule, na wengine wa namna yake watasikia.

Kwa hiyo kifungu kinafanya kazi zaidi mara mbili. Ya kwanza ni katika mapatano, mbele ya wazee ao muchungaji ao shefu: mwenye deni anayekuja na hesabu yake imeandikwa, kama ile ya mama wa samaki, anaweza kusema kwa heshima: «Baba, mtaji wako wote umerudi, na faida umepata. Tukienda mbele ya mwamuzi atahesabu hivi.» Mukopeshaji anayejua kwamba mwenzake anajua, mara nyingi anakata.

Ya pili ni wakati mukopeshaji mwenyewe ndiye anayeenda tribinalini. Anaweza kuomba amri ya kulipa, na amri hiyo inaweza kutolewa wewe usipokuwapo. Ushe anakuletea karatasi nyumbani. Ndani yake mumeandikwa siku chache za kupinga. Siku hizo zikipita, amri inakuwa na nguvu, na vitu vyako vinaweza kukamatwa, pamoja na faida ile yote ya 50 kwa mia. Hapa tunafika kwenye jibu la ulizo letu la mwanzo. Tribinali inaweza kukubali faida kubwa mno, si kwa sababu sheria inaipenda, lakini kwa sababu mwenye deni hakuja kusema neno. Karatasi ya ushe isilale ndani ya sanduku hata usiku mumoja. Ikifika nyumbani kwenu na muzazi hajui Kifaransa, wewe mwanafunzi ndiwe musomaji: tafuta tarehe, tafuta siku za kupinga, na muende kwa avoka ao kwa grefi ya tribinali kuuliza.

Maswali ya kujibu katika daftari

1. Mutu alikopa 100.000 kwa 50 kwa mia kwa mwezi. Amelipa 50.000 mwisho wa kila mwezi, miezi mitatu. Hesabu deni lake kwa namna ya mukopeshaji, kisha kwa faida ya 3 kwa mia. Nani anadai mwenzake, na ngapi?

2. Muvuvi alipewa nyavu za 300.000, na analazimishwa kuuza samaki kwa bei ya chini. Ni ushuhuda gani atakaopeleka mbele ya mwamuzi?

3. Kwa nini yule aliyelipa faida kubwa mno miaka ine iliyopita hawezi kurudishiwa, na yule wa mwaka jana anaweza?

Majibu ya ulizo la kwanza yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo juma lijalo. Mwenye kupata hesabu ingine alete daftari lake tulinganishe.

Kapita mukubwa wa wanafunzi,
darasa la mwisho